Simu ya marehemu: laini, barua pepe, Facebook na pesa za mtandaoni, na kipi kitangulie

Siku ya pili baada ya kifo, nyumba imejaa watu na simu ya marehemu bado inaita mezani. Binamu mmoja anasema izimwe. Mwingine anajua namba ya siri ya M-Pesa na anaona pesa zitolewe zigharamie jeneza. Wa tatu ameshaingia Facebook kuripoti kwamba mwenye akaunti amefariki. Wote watatu wana nia njema, na wote watatu wanaweza kuiletea familia usumbufu wa miezi mingi.

Nilisaidia kufuatilia mambo ya shemeji yangu, mume wa dada yangu mkubwa, aliyefariki mwezi wa Machi. Alikuwa na miaka 38, aliishi Umoja, Nairobi, na alikuwa akitafsiri nyaraka za wateja wa ng'ambo waliomlipa kwa PayPal. Aliacha mke, mtoto wa miaka sita na mama mzazi aliye nyumbani Kitui. Hakuacha wosia. Nyumba ilikuwa ya kupanga na gari hakuwa nalo, kwa hiyo karibu kila alichokuwa nacho kilifikiwa kupitia simu. Nitaeleza hatua kwa mpangilio ambao sasa najua ndio unaofaa, kwa sababu katika kazi hii hatua sahihi ikichukuliwa mapema mno inafunga mlango wa hatua nyingine.

Hatua ya kwanza: iache laini ikiwa hai, na simu uiweke salama

Namba ya simu ndiyo inayoshikilia kila kitu kingine. Barua pepe ya Gmail, PayPal, Facebook, benki na M-Pesa zote hutuma namba za uthibitisho kwenye laini hiyo. Laini ikikaa miezi kadhaa bila kutumika, kampuni huifunga, na baadaye namba hiyo hupewa mteja mwingine. Huyo mgeni ndiye atakayekuwa akipokea ujumbe wa akaunti za marehemu.

Kwa hiyo usikimbilie kuomba laini ifungwe. Iache ndani ya simu ileile, simu uichaji, na uweke kredo kidogo kila mwezi. Familia ichague mtu mmoja wa kuitunza, na wengine wajue ni nani. Kwetu alikuwa dada. Kazi yake ilikuwa kupokea simu za watu wasiojua habari, na kusoma ujumbe ulioingia ili tujue marehemu alikuwa na akaunti wapi. Kuomba namba za uthibitisho ili kuingia kwenye akaunti zake ni jambo lingine kabisa, na nitalifikia.

Usihamishie laini kwenye simu nyingine ukafungua WhatsApp upya. Ukifanya hivyo, WhatsApp ya simu ya kwanza hutoka, na mazungumzo yaliyomo, pamoja na sauti na picha alizotumiwa, yanaweza yasirudi. WhatsApp isipotumika kwa siku 120, akaunti yenyewe hufutwa. Yaliyohifadhiwa ndani ya simu hubaki mradi programu haijaondolewa.

Kama simu imefungwa kwa namba ambayo hakuna anayeijua, msibahatishe. Simu nyingine huwa zimewekwa zijifute zenyewe baada ya kukosea mara kumi, na namba ya siri ya laini ikikosewa mara tatu inadai PUK. Na msiipeleke kwa fundi wa Luthuli akaifleshi. Kufleshi kunafuta picha zote, kisha simu ikiwaka inaulizia akaunti ya Google ya mwenyewe, ambayo ndiyo hasa msiyokuwa nayo. Simu iliyofungwa lakini yenye data ndani ina thamani kuliko simu iliyofunguka ikiwa tupu.

Kama inafunguka, tafuteni ujumbe wa mwisho wa M-Pesa. Huwa unaonyesha salio lililobaki. Upigeni picha kwa simu nyingine, tarehe ikionekana. Fanyeni hivyo pia kwa ujumbe wa M-Shwari, KCB M-Pesa, sacco na kampuni za mikopo. Picha hizo zitahitajika mahakamani, maana kampuni nyingi hazitajii mtu salio la marehemu kabla hajaleta hati.

Mchango usitumwe kwenye namba ya marehemu

Hili si la kisheria sana lakini lilituuma. Tangazo la msiba lilipozunguka kwenye vikundi vya WhatsApp, rafiki mmoja wa shemeji alituma shilingi 3,000 kwenye namba aliyokuwa nayo tangu zamani, yaani ya marehemu mwenyewe. Shemeji alikuwa na Fuliza ya shilingi 2,150. Fuliza hujilipa yenyewe pesa yoyote inapoingia, kwa hiyo deni likakatwa papo hapo pamoja na ada zake, na mabaki yakakaa kwenye akaunti ambayo hakuna mwenye ruhusa ya kuigusa. Mtumaji anaweza kupeleka ujumbe wa muamala kwa namba 456 akaomba kurudishiwa, lakini kilichokwisha kukatwa na Fuliza ni vigumu kukirejesha.

Andikeni kwenye tangazo, kwa maneno wazi, namba ya mweka hazina wa mazishi au ya paybill, na muongeze: "Tafadhali usitume chochote kwa namba ya marehemu." Katika tangazo hilohilo msiweke namba ya kitambulisho wala tarehe kamili ya kuzaliwa. Walaghai wanaobadilisha laini za watu husoma matangazo ya vifo.

Hatua ya pili: msitoe pesa, hata kama namba ya siri mnaijua

Najua hapa wengi wataona ninaongea kama mtu asiyejua gharama za mochari. Dada yangu alikuwa akiijua namba ya siri ya mumewe, kama wake wengi wanavyoijua. Lakini mtu akishafariki, pesa zake huwa mali ya mirathi, na mke haziji kwake moja kwa moja kwa sababu tu ni mke.

Sheria ya Urithi ya Kenya, sura ya 160, kifungu cha 45, inakataza mtu yeyote kushika au kutumia mali ya marehemu bila idhini ya sheria. Adhabu yake ni faini isiyozidi shilingi 10,000 au kifungo kisichozidi mwaka mmoja, au vyote viwili, na aliyechukua anaweza kudaiwa arudishe. Juu ya hapo, Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya 2018 inaadhibu kuingia kwenye mfumo bila idhini kwa faini ya hadi shilingi milioni 5 au kifungo cha hadi miaka mitatu.

Kesi ya jinai kwa mjane aliyetoa elfu kumi za jeneza si jambo la kila siku. Hatari iliyo karibu zaidi ni ya nyumbani. Taarifa ya M-Pesa huonyesha kila muamala kwa tarehe na saa. Miezi sita baadaye, mkwe au mtoto wa nje akija na wakili wake, ataomba taarifa hiyo, na kila shilingi iliyotoka baada ya saa iliyoandikwa kwenye cheti cha kifo itabidi ielezwe. Nimeona ndugu wawili wasiosalimiana hadi leo kwa sababu ya shilingi 14,000 zilizotolewa usiku wa kifo, ambazo kwa kweli zilienda kulipia gari la maiti ila hakuna aliyetunza risiti.

Njia iliyo salama ni hii. Tumieni pesa za mchango na zenu wenyewe, na mtunze kila stakabadhi: mochari, jeneza, gari, chakula. Kifungu cha 83 cha sheria hiyohiyo kinawataka wasimamizi wa mirathi walipie mazishi yenye gharama ya kiasi kutoka kwa mali ya marehemu. Aliyetoa pesa yake anaweza kurudishiwa baadaye, akiwa na karatasi mkononi.

Kama kuna jambo lisiloweza kusubiri, kwa mfano pesa ziko kwenye akaunti inayokaribia kufungwa, wakili anaweza kuiomba mahakama hati ya muda chini ya kifungu cha 67. Hati hiyo inaruhusu kukusanya na kulinda mali peke yake. Kugawana hairuhusu.

Hatua ya tatu: karatasi

Kibali cha mazishi hakitoshi. Kampuni zote, za hapa na za ng'ambo, zinataka cheti cha kifo. Siku hizi huombwa kupitia eCitizen baada ya kifo kuandikishwa hospitalini, au kwa naibu wa chifu kama mtu alifia nyumbani. Hakikisha majina kwenye cheti yanalingana na kitambulisho herufi kwa herufi. Tofauti ya herufi moja ilituchelewesha wiki tatu.

Ifuatayo ni barua ya chifu inayotaja jamaa wote waliobaki: mke au wake, watoto wote, wazazi. Msimfiche mtu katika barua hii. Aliyefichwa akijitokeza baadaye anaweza kuiomba mahakama ifute kila kitu mlichofanya.

Baada ya hapo ndipo mnaomba hati ya usimamizi wa mirathi mahakamani. Kwa familia nyingi za Nairobi ni Milimani. Kesi ndogo huenda kwa hakimu, kwani hakimu mkuu anaweza kusikiliza mirathi ya hadi shilingi milioni 20. Pasipo wosia, fomu kuu ni P&A 80, ambayo ni ombi lenyewe, na P&A 5, hati ya kiapo inayoorodhesha jamaa, mali na madeni. Wanaostahili kurithi hutia saini ridhaa kwenye P&A 38. Ombi hutangazwa kwenye Gazeti Rasmi la Kenya na mwenye pingamizi hupewa siku 30. Kama kuna wosia, aliyetajwa humo kuwa wasii ndiye anayeomba. Familia za Kiislamu hupeleka suala la mirathi Mahakama ya Kadhi.

Jambo moja lilitushtua. Kwa kuwa mtoto wa shemeji ana umri wa chini ya miaka 18, hati haikuweza kutolewa kwa dada peke yake. Kifungu cha 58 kinataka wasimamizi wasiopungua wawili pale ambapo kuna mali ya kutunzwa kwa niaba ya mtoto. Ilibidi dada amuombe mama mkwe wawe pamoja. Walikaa, wakaongea, na mama akasaini. Ongeeni mapema, kabla wakili hajawaambia.

Mirathi ikiwa ndogo sana, kuna njia fupi ya kupitia Kabidhi Wasii wa Umma, aliye chini ya Ofisi ya Mwanasheria Mkuu. Ulizeni huko kwanza kabla ya kumlipa wakili, hasa kama kilichobaki ni salio la M-Pesa na akiba ndogo tu.

Hatua ya nne: andika akaunti za mtandaoni kwenye orodha ya mali

Kama ungeniuliza ni kosa gani linalowagharimu watu muda mwingi kuliko yote, ningetaja hili. Kwenye P&A 5 watu huandika shamba, gari na akaunti ya benki, wakasahau M-Pesa na PayPal. Miezi sita baada ya kupata hati, mahakama huithibitisha na kutoa cheti kinachosema nani apewe nini. Unapoenda kwenye kampuni na cheti ambacho hakitaji akaunti yao, unarudishwa. Itabidi urudi mahakamani kurekebisha, na kila urekebishaji ni ombi jipya na wiki nyingine za kusubiri.

Andika kila akaunti kwa jina la kampuni inayoshika pesa hasa. M-Shwari, kwa mfano, unaifungua kwenye menyu ya M-Pesa, lakini ni akaunti ya benki ya NCBA. KCB M-Pesa ni ya benki ya KCB. Hii ndiyo orodha ya shemeji kama tulivyoiandika, ila namba nimezificha:

Salio la M-Pesa, Safaricom, namba 07xx xxx xxx.
Akiba ya M-Shwari, benki ya NCBA, iliyofunguliwa kwa namba hiyo: takriban shilingi 38,400.
Salio la PayPal lililosajiliwa kwa barua pepe ya marehemu: takriban dola 612.
Simu ya mkononi na kompyuta ndogo, pamoja na kazi na picha zilizomo.
Pesa zozote nyingine zitakazopatikana kwenye akaunti za mtandaoni za marehemu.

Mstari wa mwisho uliongezwa na wakili, na nilifurahi aliufikiria. Upande wa madeni, andikeni mikopo ya simu. Madeni hayo hulipwa na mali ya marehemu. Mke au ndugu halipi kutoka mfukoni mwake, isipokuwa aliweka saini kama mdhamini. Kampuni ya mkopo ikipiga, mtumie nakala ya cheti cha kifo na uwaambie mirathi iko mahakamani. Kanuni za 2022 za Benki Kuu zinawakataza wakopeshaji wa kidijitali kutumia orodha ya majina ya simu ya mteja kuwasumbua watu wake. Wakiwapigia majirani na marafiki, lalamikeni kwa Benki Kuu.

Sacco ni habari tofauti. Mwanachama huwa amejaza jina la mteule wa kupokea akiba yake akifa, na sacco humlipa mteule huyo bila kungoja mahakama. Mkiona ujumbe wa sacco kwenye simu, nendeni mapema mkaulize ni nani aliyetajwa.

Hatua ya tano: Facebook, bila haraka

Facebook inatoa njia mbili kwa familia: akaunti igeuzwe kuwa ya kumbukumbu, au ifutwe kabisa. Ya kumbukumbu hubaki na picha na maandishi yote, na neno "Remembering" huonekana kando ya jina. Tangu hapo hakuna anayeweza kuingia, hata aliye na nenosiri sahihi. Kama marehemu alichagua mtu wa urithi wa akaunti, kwenye skrini "legacy contact", mtu huyo anaweza kubadilisha picha ya wasifu, kubandika tangazo juu, kukubali maombi ya urafiki na kuomba akaunti ifutwe. Ujumbe wa faragha hawezi kuusoma.

Yule binamu aliyeripoti siku ya pili alifanya jambo ambalo mtu yeyote anaweza kulifanya, na Facebook ikaikubali. Tatizo lilikuwa kwamba shemeji ndiye aliyekuwa msimamizi wa pekee wa ukurasa wa kwaya ya kanisa, wenye picha na video za miaka mingi. Akaunti yake ilipoganda, ukurasa ukabaki bila mtu wa kuuendesha, na hapakuwa tena na namna ya kuongeza msimamizi kutoka ndani. Ukurasa ambao msimamizi wake wa pekee amefariki Facebook inaweza kuuondoa. Kwaya ilianza ukurasa mpya, na wanakwaya wakapakua video walizoweza kuziona kwenye ule wa zamani, moja baada ya nyingine.

Kwa hiyo kabla ya kuripoti kifo, ulizeni: alikuwa anaendesha ukurasa wa biashara, wa chama, wa kanisa, wa kijiji? Kuna msimamizi mwingine? Kama hakuna, wahusika wahifadhi kwanza kila wanachoweza kukiona kupitia akaunti zao wenyewe. Ndugu waliokuwa marafiki zake nao wahifadhi picha wanazozipenda. Hilo halihitaji ruhusa ya mtu wala nenosiri. Kisha ombeni kwa fomu ya Facebook mkiambatisha cheti cha kifo na kitu kinachoonyesha uhusiano wenu. Kufuta ni kwa jamaa wa karibu au msimamizi wa mirathi, na kilichofutwa hakirudi, kwa hiyo kaeni kama familia mkubaliane. Mama mkwe wa dada yangu hana simu ya intaneti, lakini mjukuu humfungulia ukurasa wa mwanawe kila Jumapili. Tungeufuta tusingejua tumemnyima nini.

Instagram inafanana na Facebook. X haina akaunti ya kumbukumbu, unaweza tu kuomba ifungwe.

Hatua ya sita: barua pepe

Hapa ndipo matumaini ya familia nyingi huvunjika, kwa hiyo niseme mapema. Google haitoi nenosiri la marehemu kwa mtu yeyote, hata mke, hata mwenye hati ya mahakama ya Kenya. Fomu yake, inayoitwa "Submit a request regarding a deceased user's account", inakupa mambo matatu ya kuomba: kufunga akaunti, kupata pesa zilizo kwenye akaunti, au kupata data iliyomo.

Kufunga ni rahisi. Unaambatisha skani ya kitambulisho chako na ya cheti cha kifo, unaandika barua pepe ya marehemu na tarehe ya kifo. Pesa ni kwa mtu aliyekuwa akilipwa na Google, kama mwenye chaneli ya YouTube, na hapo hati ya mirathi ndiyo nguzo yako. Data, yaani barua na picha zenyewe, ni ngumu. Google hulipima ombi kwanza, na ikilikubali katika hatua ya mwanzo bado hudai amri ya mahakama ya Marekani. Gharama ya wakili huko ni kubwa kuliko thamani ya akaunti nyingi. Sisi tuliamua kutoomba, na nadhani familia nyingi za hapa zingeamua vivyo hivyo, isipokuwa ndani ya barua kuna mkataba au ushahidi wa mali kubwa.

Badala yake tulikusanya tulichoweza kukipata kihalali. Picha zilizokuwa kwenye simu na kompyuta yenyewe ni mali ya mirathi, na wasimamizi walizinakili wakishapata hati yao. Wateja watatu wa shemeji waliandikiwa kutoka barua pepe ya dada, wakapewa habari ya msiba na kuulizwa kama kuna malipo yanayodaiwa. Mmoja alijibu kwamba alikuwa na ankara ya dola 90 ambayo hajailipa. Aliombwa asiitume popote hadi hati itoke, akakubali.

Kuna muda wa kuangalia. Tangu Desemba 2023, Google inaweza kufuta akaunti isiyotumika kwa miaka miwili pamoja na kila kilichomo. Msiifunge barua pepe kabla ya kumaliza na PayPal na nyinginezo, maana majibu na taarifa zao zote zimeunganishwa nayo. Iwe akaunti ya mwisho kufungwa.

Wenye iPhone wana nafuu ikiwa marehemu alijiandaa. Tangu mwisho wa 2021, mtu anaweza kumteua wa kurithi data yake, na aliyeteuliwa hutumia ufunguo aliopewa pamoja na cheti cha kifo kufungua picha na maandishi. Kwa Google, kitu kinachofanana na hicho kinaitwa "Inactive Account Manager". Unachagua muda wa ukimya, kati ya miezi mitatu na 18, na watu hadi kumi wa kupewa data muda huo ukipita. Nimekijaza changu, nikamwandika dada.

Hatua ya saba: kudai pesa

Dada na mama mkwe walipata hati mwezi wa Julai. Ulizeni kila kampuni swali moja kabla ya kwenda: mnataka hati ya usimamizi peke yake, au pia cheti cha kuthibitishwa? Hati ya kwanza inawapa wasimamizi uwezo wa kukusanya mali. Kugawana mtaji wa mirathi hakuruhusiwi hadi uthibitisho, ambao kwa kawaida huombwa miezi sita baada ya hati. Kampuni nyingine hukataa kulipa kabla ya uthibitisho hata kama sheria ingewaruhusu, na kubishana nao dirishani hakusaidii.

Dukani kwa kampuni ya simu walienda wote wawili, wakiwa na vitambulisho vyao halisi, cheti cha kifo, hati ya mahakama na laini yenyewe. Mabaki ya M-Pesa yalikuwa shilingi mia kadhaa tu, zilizobaki kwenye ile 3,000 ya rafiki. Kwa M-Shwari ilibidi kungoja uthibitisho, uliopatikana Januari, na akiba ikalipwa kwenye akaunti ya benki iliyofunguliwa kwa jina la mirathi. Fungueni akaunti kama hiyo mapema. Pesa zikiingia kwenye akaunti ya mmoja wenu, maswali huanza upya.

PayPal hutaka akaunti ifungwe, na salio ndilo linalotolewa. Msimamizi huandika barua inayotaja barua pepe ya akaunti na kueleza kwamba mwenyewe amefariki, kisha huambatisha cheti cha kifo, hati ya mahakama na kitambulisho chake chenye picha. Walituuliza maswali mara mbili, moja likiwa kwa nini wasimamizi ni wawili, kisha wakaeleza namna watakavyotuma salio. Dola zile 612 zilifika mwishoni mwa Februari, zikapungua kidogo kwa ubadilishaji wa pesa. Yule mteja wa dola 90 naye alituma zake moja kwa moja kwenye akaunti ya mirathi.

Kama marehemu wenu alifariki miaka iliyopita na hamkufuata lolote, pesa huenda zimeshahamishwa kwa Mamlaka ya Mali za Fedha Zisizodaiwa, iliyoundwa kwa sheria ya 2011. Ofisi yake iko Westlands, na unaweza kuangalia kwa simu kwa kupiga *361#. Kudai hakulipiwi. Mtu akikuambia atakusaidia kwa kutumiwa "ada ya kufungua faili", kata simu.

Mwezi wa Machi, mwaka mmoja baada ya kifo, tuliomba Gmail ifungwe. Kisha dada akaacha kuweka kredo kwenye ile laini. Kabla ya hapo alinakili kwenye kompyuta ujumbe wote wa sauti ambao mumewe alimtumia kwenye WhatsApp, 212 kwa hesabu yake, na mtoto ana nakala yake kwenye flashi diski iliyo kabatini.